Mashimo saba ya Nyegezi na barua iliyoyafuata

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 2024, kabla ya saa nne asubuhi, msimamizi wangu wa saiti alinipigia simu kutoka Nyegezi, jijini Mwanza, akaniambia maneno machache tu: "Bosi, huku chini mtarimbo unakwenda wenyewe." Nilimwelewa mara moja. Kila shimo la futingi, kile kitako cha zege kinachobeba nguzo, likifika kina cha mchoro, huwa tunausimamisha mtarimbo katikati ya sakafu yake na kuuachia. Kwenye udongo mzuri unadunda, au unachoma sentimita mbili tatu ukaanguka ubavu. Siku ile, katika shimo la nguzo D3, ulizama karibu nusu mita kwa uzito wake na kubaki umesimama.

Jengo lenyewe, ambalo mimi ndiye mkandarasi wake, ni la ghorofa tatu, maduka chini na ofisi juu, kwenye kiwanja kinachoteremka kuelekea ziwani. Lina nguzo 20 katika mistari minne, A hadi D, mstari A ukiwa upande wa mlima na mstari D upande wa ziwa. Mchoro ulitaka kila nguzo ikae juu ya futingi ya mita 1.8 kwa 1.8, kina cha mita 1.5 kutoka usawa wa ardhi, na ulieleza wazi kwamba mhandisi amechukulia udongo wa hapo una uwezo wa kubeba kilopaskali 150, yaani takriban tani 15 kwa kila mita ya mraba. Nguzo za katikati zilikadiriwa kushusha tani 48, na ukigawanya kwa eneo la futingi unapata tani 14.8. Hesabu ilikuwa sahihi kwa udongo ambao mhandisi alionyeshwa.

Wanaoijua Mwanza kwa mawe yake tu hushangaa wakisikia habari za udongo laini, kwa kuwa picha waliyonayo ni ya Jiwe la Bismarck na nyumba zilizopandiana juu ya miamba ya Mabatini. Lakini kati ya kilima na kilima kuna bonde, na Wasukuma wana majina ya udongo kufuatana na mahali ulipo katika mteremko. Juu, chini ya mawe, kuna luseni, mchanga uliotokana na mwamba uliomomonyoka, na chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaokusanya kila kilichooshwa kutoka juu. Kiwanja chenye urefu wa mita 30 katika mteremko wa namna hiyo kinaweza kuanza kwenye luseni na kuishia kwenye mbuga, na kiwanja chetu ndicho kilichofanya hivyo.

Ripoti ya udongo ilikuwapo. Ilitokana na mashimo mawili ya majaribio yaliyochimbwa Septemba 2023, yote mawili upande wa juu, karibu na mistari A na B, kwa sababu sehemu ya chini wakati huo ilikuwa na migomba ambayo mwenye kiwanja hakutaka iguswe kabla ya kupata kibali cha ujenzi. Yalikuwa ya mita mbili, na yalichimbwa kiangazi kikiwa kikali. Sisi tulichimba katikati ya masika, katika mwaka ambao ziwa lilikuwa limepanda sana, kama lilivyopanda 2020, na maji ya chini ya ardhi katika viwanja vya pembezoni yalikuwa yamepanda pamoja nalo.

Nilipofika niliteremka ndani ya D3 mwenyewe. Udongo ulikuwa wa kijivu cheusi, wenye harufu ya kinamasi, na nilipouchukua mkononi niliweza kuufinyanga kwa vidole bila kutumia nguvu. Jaribio hilo la vidole linadharauliwa na wengi, lakini wahandisi wenyewe wanalitumia katika kuainisha udongo wa mfinyanzi. Ukiubana ngumini ukapenya katikati ya vidole, ni laini mno. Ukifinyangika kwa kubonyeza kidogo, ni laini. Ukihitaji kubonyezwa kwa nguvu, una uimara wa wastani. Na ukishindwa kabisa kuufinyanga ila dole gumba linaacha alama, huo ni mgumu. Wetu ulikuwa wa kundi la pili, na mahali pengine ulikaribia la kwanza.

Jioni hiyo nilikaa na kuandika barua kwa mhandisi msanifu. Niliandika haraka, kama mtu anayetoa taarifa ya moto, na rasimu yangu ilikuwa na aya moja ambayo naiweka hapa bila kuirekebisha:

> Tumebaini kuwa udongo wa eneo la chini ni mbaya sana na hauwezi kubeba jengo. Tunapendekeza futingi za eneo hilo ziongezwe kuwa mita 2.5 kwa 2.5 na nondo ziongezwe ipasavyo. Tunaomba kibali chako haraka ili kazi isisimame.

Kabla ya kuituma nilimsomea kwa simu kaka mmoja, mkadiriaji majenzi mstaafu ambaye ameshughulikia migogoro ya mikataba kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza: "Mdogo wangu, hapo nani ndiye mhandisi?" Akanieleza kwamba neno "mbaya" si kipimo na haliwezi kutetewa na mtu yeyote. Akasema pia kwamba kusema udongo "hauwezi kubeba jengo" ni kutoa uamuzi ambao sikuajiriwa kuutoa. La hatari zaidi lilikuwa lile la mita 2.5: mhandisi akiandika "nakubali" chini yake, halafu jengo likazama, futingi ile itakuwa yangu. Kisha akaongeza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata kidogo: "Na udongo huo ni laini kwa asili yake, au mmeuloweka nyinyi?"

Swali hilo lilininyima usingizi, kwa sababu lilikuwa na haki. Shimo la mfinyanzi likiachwa wazi siku mbili za mvua, sentimita kumi za juu zinageuka tope hata kama chini yake ni udongo mgumu, na vibarua wakilikanyaga inakuwa vibaya zaidi. Udongo ulioharibiwa hivyo si tatizo la msanifu. Ni uzembe wa mkandarasi, anayetakiwa kuukwangua kwa gharama yake. Ndiyo maana mchimbaji mwenye uzoefu huacha sentimita 15 za mwisho bila kuzichimba mpaka zege jembamba la kufunika sakafu liwe tayari kumwagwa. Mashimo yetu ya mstari D yalikuwa yamechimbwa hadi mwisho siku ya Jumamosi, na Jumapili ilinyesha.

Kwa hiyo Jumanne hatukuandika barua. Tulivuta maji, tukakwangua sentimita 20 za sakafu katika mashimo yote saba yaliyotutia shaka, na tukaanza kupima ndani ya saa ileile, huku msimamizi akiandika muda wa kukwangua na muda wa kupima kwa kila shimo. Tuliazima kipimo ambacho mafundi wa barabara wanakiita disipii: fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, inayogongwa na nyundo ya kilo 8 inayoanguka kutoka kimo cha milimita 575, nawe unasoma fimbo imezama milimita ngapi kwa kila pigo. Kilitengenezwa kwa ajili ya barabara, na hakikupi uwezo wa udongo kubeba futingi moja kwa moja. Pia katika mfinyanzi unaonata, udongo hushika fimbo ubavuni kadiri inavyoteremka, na udongo wa chini ukaonekana mgumu kuliko ulivyo. Lakini ni kizuri sana kwa jambo moja, nalo ni kuonyesha mahali ulaini unapokwisha. Katika D3 kila pigo lilizamisha fimbo kati ya milimita 90 na 140, mpaka kina cha mita 2.9 kutoka usawa wa ardhi, ambapo ghafla pigo moja likawa linazamisha milimita 9. Katika A3 kule juu, kila pigo lilizamisha kati ya milimita 6 na 8 tangu mwanzo.

Tulipima pia mashimo mazuri, na hilo nalitilia mkazo kwa sababu wengi huripoti yale mabaya tu. Mhandisi akiambiwa kwamba D3 ni laini, anahitaji kujua A3 ikoje, kwa kuwa kinachopasua kuta za jengo mara nyingi ni tofauti kati ya sehemu inayozama na sehemu inayogoma. Kipimo kinachotumiwa sana na wahandisi ni kwamba nguzo moja ikizidi jirani yake kuzama kwa sehemu moja ya 300 ya umbali ulio kati yao, kuta huanza kuonyesha nyufa. Nguzo zikiwa na mita 4 kati yake, tofauti hiyo ni kama milimita 13 tu, unene wa kidole. Na mfinyanzi haumalizi kuzama siku unapobebeshwa mzigo. Hukamuliwa maji yake taratibu kwa miezi na miaka, wakati mstari A uliokaa juu ya mwamba uliooza, yaani ulioanza kugeuka mchanga, hausogei kabisa.

Barua iliandikwa Jumatano, tarehe 17. Mikataba mingi ya ujenzi hapa nchini huandikwa kwa Kiingereza na barua zake pia, lakini mwenye jengo hili ni mzee ambaye aliweka sharti kwamba kila karatasi inayogusa fedha yake aweze kuisoma mwenyewe, na nakala ilikuwa lazima imfikie. Nilianza na kichwa kinachotaja mashimo kwa namba, ili mtu atakayefungua faili miaka mitano baadaye ajue barua inahusu nini kabla ya kuisoma.

> YAH: UDONGO LAINI KATIKA KINA CHA MSINGI, MASHIMO YA NGUZO C4, C5 NA D1 HADI D5
>
> Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.
>
> Tunakutaarifu kwamba tarehe 15 Aprili 2024, baada ya kufikia kina cha mita 1.5 kilichoonyeshwa katika mchoro wa msingi, tulikuta katika mashimo saba yaliyotajwa udongo wa mfinyanzi wa kijivu cheusi unaofinyangika kwa vidole kwa kubonyeza kidogo. Udongo huu haufanani na mchanga mgumu ulioelezwa katika ripoti ya udongo ya Septemba 2023, ambayo mashimo yake mawili ya majaribio yako kati ya mistari A na B. Mashimo 13 yaliyobaki yameonyesha udongo unaofanana na ripoti hiyo, isipokuwa A2, ambako tumekutana na jiwe linaloziba karibu theluthi mbili ya sakafu ya shimo.
>
> Kwa kuwa mvua ilinyesha tarehe 14 Aprili mashimo yakiwa wazi, tarehe 16 Aprili tulikwangua milimita 200 za sakafu katika kila shimo kabla ya kupima. Vipimo vilivyoambatishwa vimefanyika ndani ya saa moja baada ya kukwangua, na muda wa kila kimoja umeandikwa.

Aya ya tatu ndiyo jibu la lile swali la kaka. Nilimwambia mhandisi jambo ambalo lingeweza kutumika dhidi yangu, kwamba mvua ilinyesha mashimo yakiwa wazi, kwa sababu angeligundua tu, na ni afadhali alipate pamoja na maelezo ya tulichofanya. Habari ya A2 nayo ilikuwa na sababu yake. Katika mwamba wetu, jiwe lililoko shimoni linaweza kuwa kichwa cha mwamba wenyewe, au bonge lililobaki likielea ndani ya udongo wakati mwamba uliolizunguka ulipooza. Mawe yale ya juu ya vilima ambayo wageni wanayapiga picha ni mabonge ya namna hiyo yaliyofunuliwa, na yaliyo bado chini ya ardhi hayana alama yoyote ya kuyatambulisha. Futingi iliyokaa nusu juu ya bonge na nusu juu ya mchanga itapinda.

Kisha ikafuata jedwali la mashimo saba, ambalo silirudii lote. Lilikuwa na namba ya shimo, kina ambacho udongo laini ulikwisha, kimo cha maji, na neno moja la maelezo. Udongo laini ulikwisha mita 2.1 katika C4, mita 2.3 katika C5, mita 2.6 katika D1 na mita 2.9 katika D3, na D2 na D4 zilikuwa katikati ya majirani zake. D5 ilikuwa na habari yake, nami niliiandika hivi:

> Katika D5 fimbo ilikutana na kitu kigumu mita 3.4 kutoka usawa wa ardhi, lakini urefu wa fimbo uliishia mita 3.5. Hatukuweza kuthibitisha kama ni tabaka gumu au ni jiwe.

Baada ya vipimo, niliandika mambo ambayo mhandisi aliyeko ofisini hawezi kuyajua mpaka aambiwe na mtu aliyesimama pale. Hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa na thamani kubwa kuliko zote katika barua ya namna hii, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Nilimweleza kwamba maji yanasimama mita 1.3 kutoka juu, na kwamba D3 iliyokaushwa kwa pampu saa 12 jioni ilikutwa asubuhi na maji ya kina cha sentimita 40. Nilimweleza kwamba kutoka katikati ya nguzo za mstari D hadi ukuta wa jirani kuna mita 1.2 tu, kwamba ukuta huo ni wa tofali za saruji, na kwamba tulipofukua pembeni kidogo tulikuta msingi wake una kina cha sentimita 60. Nilimweleza pia kwamba mashine ya kuchimbia iliyopo saitini inafikia kina cha mita 4, lakini haiwezi kuingia kati ya mstari D na ukuta.

Maombi yalikuwa machache, na hakuna hata moja lililosema nini kijengwe:

> Tunaomba (a) ufike saitini kukagua mashimo haya yakiwa wazi, kabla ya tarehe 22 Aprili ikiwezekana; (b) utupe mchoro uliorekebishwa wa msingi kwa nguzo hizi saba, pamoja na maelekezo kuhusu A2; na (c) utueleze kama marekebisho hayo yanagusa futingi nyingine au mikanda ya chini.
>
> Tumesimamisha kazi katika mashimo haya saba na A2. Kazi inaendelea katika mashimo 12 yaliyobaki, isipokuwa utuelekeze vinginevyo. Mashimo yaliyosimamishwa yamezibwa kwa mabati, yamezungushiwa kamba, na pande zinazoelekea ukuta wa jirani zimeegemezwa kwa mbao.

Sikutaja shilingi hata moja katika barua hiyo. Taarifa ya kwamba tutadai muda na gharama ilikwenda siku hiyohiyo kwa msimamizi wa mkataba, katika barua nyingine yenye kumbukumbu yake. Kazi hizi mbili zikichanganywa katika barua moja, mhandisi huisoma kama dai, naye hujibu kama mtu anayejitetea wakati wewe unahitaji mchoro. Lakini taarifa haipaswi kuchelewa. Masharti ya mkataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kwa mfano, yanazungumzia hali ya ardhi isiyotarajiwa katika kifungu cha 4.12, na kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa tangu alipoijua hali hiyo au alipopaswa kuijua. Zikipita, anapoteza haki yake hata kama ardhi yenyewe inamtetea. Kila mkataba una siku zake, na vijana wengi wanaoanza ukandarasi hawazijui mpaka zimeshapita.

Mhandisi alifika Ijumaa, tarehe 19. Ni mama mtu mzima, na baada ya kumwamkia shikamoo hakutaka maelezo mengine; alivaa buti, akateremka D3 na kipimo chake kidogo chenye mapanga manne, ambacho unakichomeka katika udongo na kukizungusha kwa mkono mpaka udongo ukatike. Alipima mara sita katika mashimo matatu, akapata kati ya kilopaskali 24 na 32. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunifanyia hesabu nyuma ya nakala ya barua yangu. Kwa wastani wa 28, alisema, futingi ya mraba juu ya mfinyanzi huu inazama kabisa ikibebeshwa kama mara sita ya hiyo na ushei, yaani karibu tani 17 kwa mita ya mraba. Mchoro ulitaka tani 14.8. Maana yake ni kwamba jengo lingesimama siku ya kwanza, kwa akiba ndogo mno, wakati desturi ni kugawanya kwa tatu na kubebesha tani 5.8 tu.

Hapo nikamwuliza, kwa aibu kidogo, kama futingi za mita 2.5 zingefaa. Akagawanya: tani 48 kwa mita za mraba 6.25 ni tani 7.7, bado juu ya 5.8. Pendekezo langu la Jumatatu lingekuwa limeshindwa hata kabla ya kufikiria kuzama kwa pole pole. Ili kupata 5.8 zingehitajika futingi za karibu mita 2.9 kwa 2.9, na nusu ya hiyo ni mita 1.45, wakati ukuta wa jirani uko mita 1.2. "Hicho kipimo chako cha ukuta," aliniambia, "kimeniokoa siku mbili za kuchora kitu kisichojengeka."

Aliikataa pia njia ambayo mafundi wengi wangeichagua, ya kujaza moramu na kuishindilia. Moramu ya nusu mita juu ya mfinyanzi wa mita moja na nusu inatawanya mzigo kidogo, lakini mfinyanzi unabaki palepale ukikamuliwa. Jamvi moja la zege chini ya jengo zima nalo alilikataa, kwa sababu upande mmoja lingelala juu ya mwamba uliooza na upande mwingine juu ya godoro. Alichotaka ni kila nguzo ikae juu ya tabaka lilelile la mwamba uliooza, popote lilipo.

Mchoro uliorekebishwa ulitufikia tarehe 26. Kwa C4 na C5, ambako ugumu uko karibu na hakuna ukuta pembeni, tulielekezwa kuchimba hadi tabaka gumu, kujaza zege lisilo na nondo mpaka usawa wa mita 1.5, na kujenga futingi ya awali juu yake. Kwa mstari D hakutaka shimo wazi la karibu mita tatu kando ya ukuta wenye msingi wa sentimita 60, wala hakutaka kibarua ateremke katika shimo kama hilo lisilo na kinga. Alichora mapete ya zege yenye kipenyo cha nje cha mita 1.8, yanayoshushwa kama yale ya kisima: pete inakaa juu ya ardhi, mtu anachimba kwa ndani, nayo inashuka kwa uzito wake, kisha inaongezwa nyingine juu yake. Udongo wa upande wa ukuta unakuwa umezuiwa muda wote, na mchimbaji anakuwa ndani ya zege. Yakifika kwenye mwamba uliooza, yanajazwa zege na nguzo inaanzia juu yake, ikiunganishwa na wenzake kwa mikanda minene kuliko ya mwanzo. Kuhusu A2 aliagiza tufukue kulizunguka jiwe. Tulipofanya hivyo tuliliona linaishia sentimita 70 chini, likiwa bonge linaloelea, tukalivunja na kulitoa.

Kazi ya mapete ilitufunza uvumilivu. Ukichimba zaidi upande mmoja, pete inainama, na kuinyoosha ni kazi ya nusu siku ya kuchimba upande wa pili na kuegemeza magogo. D1 hadi D4 zilikamilika kwa tofauti ya sentimita chache kutoka katika jedwali letu. Kila moja ilikaguliwa na mhandisi au msaidizi wake kabla ya zege, na alitaka kuona mtarimbo ukidunda kwa macho yake.

D5 ilipofika mita 3.4, mchimbaji aliita juu kwamba amegonga jiwe. Nilishuka na tochi. Jiwe lilikuwepo kweli, lenye uso nyororo kama mgongo wa kiboko, nalo lilichukua nusu ya sakafu kwa upande wa mlima. Nusu ya pili ilikuwa mfinyanzi uleule wa kijivu, na mtarimbo ulikwenda ndani yake sentimita 30 bila kusukumwa. Tulimtoa mchimbaji, tukafunika, na jioni hiyo nikaandika barua ya pili yenye aya moja, nikitaja barua ya kwanza na ile sentensi yake kuhusu fimbo iliyoishia mita 3.5. Nilitaja kina, upande ambao jiwe limekaa, na sehemu ya sakafu linayoichukua, nikaambatisha picha mbili na mfuko wa nailoni wenye konzi ya ule udongo, nikamwuliza kama tulikate au tulipite. Jibu lake lilikuja kesho yake asubuhi: likatwe, na pete iendelee kushuka. Ilifika kwenye mwamba uliooza mita 4.1 kutoka usawa wa ardhi, na kina hicho ndicho tulichokiandika katika mchoro wa jengo kama lilivyojengwa.